Dakika 180 Barabara ya Bagamoyo

Ratiba ya kujiandaa na mbio ndefu za Moshi, zile za Kilimanjaro, ilisema Jumapili ni kilomita 32. Haikusema miguu ya nani. Mwenzangu mmoja hukimbia kilomita moja kwa dakika nne na nusu, hivyo anamaliza kwa saa mbili na dakika 24, anaoga na kuwahi ibada. Mimi ni wa dakika nane. Kwangu kilomita hizohizo ni saa nne na dakika 16, na nikifika kijiweni supu imeisha.

Kocha, mzee wa maneno machache, alifuta kilomita zangu akaandika dakika 180. Sababu yake ni hii: ukishapita kama saa tatu za kukimbia, faida mwilini huongezeka kidogo tu, lakini misuli na kano huendelea kuumia. Mwenye kasi hagusi huko. Sisi wa nyuma ratiba ya kilomita hutupeleka hukohuko kila wiki, halafu Jumatano bado tunashuka ngazi kinyumenyume, na mazoezi ya katikati ya wiki yanakufa.

Basi nikatoka Mwenge alfajiri kuelekea Tegeta, nikageuka saa ilipotimiza dakika 90. Hesabu safi kabisa, ila jua nalo lilikuwa limeamka. Kurudi kukawa kwa taratibu, dakika 180 zikaisha nikiwa bado mbali na nyumbani. Amri ni amri, nikasimama, nikapanda daladala. Konda alinitazama jasho lilivyonitiririka, akauliza, "Kaka, umekimbizwa na nani?" Abiria wa pembeni akafungua dirisha. Siku hizi nageuka dakika ya 80, au nazunguka mtaani kwetu, ambako watoto wananihesabia mizunguko kwa sauti kubwa kuliko muadhini.

Saa ya mkononi nayo ilikuwa na hila: kila niliposimama kwenye taa za barabarani ilisimama na yenyewe. Huo mtindo nimeuzima. Kusubiri magari, kutembea, kununua maji, vyote vinahesabika, maana siku ya Moshi navyo vitakuwapo.

Lakini dakika 180 ni kilomita 22 na nusu tu kwa mwendo wangu, na kilomita 42 zitanichukua zaidi ya saa tano na nusu. Pengo hilo kocha analiziba kwa Jumamosi jioni: muda wa saa mbili, nikikimbia dakika tano na kutembea moja, kisha Jumapili asubuhi zile saa tatu juu ya miguu iliyokwisha kuchoka. Wiki inayofuata anapunguza. Humohumo ndimo ninamojifunza kula ndizi nikiwa kwenye mwendo bila kupaliwa, kazi ambayo mwenye saa mbili na dakika 24 haijui.

Wewe wa dakika nane, omba ratiba ya saa. Na beba nauli.