Kilo Tisini na Saba

Katika ofisi moja ya wanunuzi wa madini mjini Kolwezi palikuwa na binti wa kimo kifupi, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika daftarini uzito wa kila gunia na kiwango cha shaba kilichopimwa ndani yake. Asubuhi moja karani mkuu, mtu mrefu wa umbo na, Mungu amstahi, wa ulimi pia, akamwuliza mbele ya wachimbaji kama aletewe kigoda apate kuonekana, au waendelee kumsikia sauti tu kama jini. Hadhira ikacheka. Binti akamaliza kwanza hesabu yake, kisha akajibu kwa adabu:

“Papa Shefu, katika kilo 100 za jiwe la asilimia 3, shaba ni kilo 3 tu, zile 97 ni taka, nazo kiwanda huzirundika hata zikawa vilima vya kuonekana kutoka mbali. Nikitamani urefu nitakwenda kukaa huko, ila naona nimekwisha kutanguliwa.”

Wachimbaji, ambao kila siku huapa kwamba vipimo vya ofisi ile havina uaminifu, safari hii walivikubali bila ya hoja.