Safu ya Ushauri: Kiambatisho Kilichopotelea Ofisini

Kiambatisho hutengana na barua pepe iliyokileta mara tu mpokeaji anapokipakua. Kuanzia hapo faili hubaki na jina lake tu, na barua hubaki na maneno yake tu. Shida tatu zilizoifikia safu hii zinatoka kwa watumaji waliodhani wawili hao watazeeka pamoja.

Ya kwanza ni ya anayejiita Fundi wa Kihonda, Morogoro. Alituma bei ya madawati shuleni, hajajibiwa, na anauliza kama mhasibu anangoja chai. Huenda mhasibu hana kosa. Faili iliitwa `scan0007.pdf`, jina lililotungwa na mashine, na barua ilisema: "Kama tulivyoongea, angalia kiambatisho." Aliyeongea na fundi ni mwalimu mkuu, mhasibu alisambaziwa tu.

Hata jina `ankara-ya-shule.pdf` lisingemwokoa. Kwa fundi jina hilo linatosha, lakini kwenye kompyuta ya mhasibu kila ankara ni ya shule. Jina la faili hutungwa kwa macho ya mpokeaji: ni hati gani, ya kitu gani, kutoka kwa nani, ya lini.

```
ankara-kifani_madawati-40_fundi-kihonda_2025-06-04.pdf
```

Tarehe huanza na mwaka kwa sababu 04-06 mmoja ataisoma Juni 4 na mwingine Aprili 6. Tena ankara kifani za fundi huyo huyo kwa kazi hiyo hiyo zitajipanga zenyewe kuanzia ya zamani. Alama ya mkwaju haifai: Windows haikubali `/` ndani ya jina la faili.

Likishapatikana jina, huja barua yenyewe. Mwalimu mkuu huisoma kwa simu, pengine kwenye daladala, mahali ambapo PDF hufunguka kwa taabu. Anachohitaji ili aamue lazima kiwe ndani ya barua:

"Nimeambatisha faili moja ya PDF yenye kurasa 2. Ukurasa wa 1 ni ankara kifani ya madawati 40 kwa Sh 85,000 kila moja, jumla Sh 3,400,000 pamoja na kuyafikisha shuleni. Ukurasa wa 2 ni mchoro wenye vipimo. Bei hii itadumu hadi Juni 30. Naomba kujulishwa kabla ya Juni 13 kama vipimo vinafaa."

Idadi ya faili na kurasa si mapambo. Kiambatisho kikikosekana, au ukurasa wa pili ukisahaulika kwenye mashine, msomaji hutambua papo hapo na kuuliza. Kiasi, muda na ombi humwezesha kujibu bila kufungua chochote. Muhtasari huu huandikwa faili ikiwa wazi pembeni, maana barua ikitaja 3,400,000 na ankara 3,600,000, mhasibu hatalipa hata moja mpaka aelezwe. Kwa mishahara, majibu ya vipimo vya hospitali au alama za mwanafunzi, barua hutaja aina ya hati na kinachoombwa, bila yaliyomo. Barua husambazwa kirahisi mno.

Shida ya pili imeletwa na Katibu Aliyechoka wa kikundi cha kuweka na kukopa. Ana `katiba_mwisho.docx`, `katiba_mwisho_kabisa.docx` na `katiba_mwisho_kabisa2.docx`, na wanachama wamepitisha vifungu kutoka faili mbili tofauti. Neno "mwisho" halifai kwenye jina la faili, kwa kuwa anayeliandika hajui kesho ataletewa marekebisho gani. Namba inatosha: `katiba_toleo-03.docx`. Sifuri huzuia toleo la 10 kupangwa kabla ya la 2 katika programu zinazopanga herufi kwa herufi. Barua nayo itaje kilichobadilika: "Toleo la 03 linachukua nafasi ya la 02, kimebadilika kifungu cha 7 tu, kuhusu faini ya kuchelewa." Bila sentensi hiyo kila mwanachama atasoma katiba nzima, au, kama ilivyo desturi, hatasoma kabisa.

Ya tatu ni fupi. Msomaji wa Tanga hutuma barua zisizo na kiambatisho, kisha nyingine ya "samahani" yenye faili bila maelezo. Dawa ni mpangilio: faili huambatishwa kwanza, maneno hufuata, anwani ya mpokeaji huwekwa mwisho. Kosa likishatokea, barua nzima hutumwa upya pamoja na faili, kwani ile ya "samahani" ndiyo itakayosambazwa ofisini. Anayejibu barua aliyotumiwa naye akumbuke kuwa kwa kawaida kitufe cha kujibu hakirudishi viambatisho; vikihitajika tena, huambatishwa upya, au barua husambazwa badala ya kujibiwa.