Kikao Kilichoahirishwa Usiku wa Kuamkia Jumapili

Kikao chetu cha michango ya harusi kilipangwa Jumapili tarehe 15 Juni, saa kumi jioni, uani kwa Mama, Tabata. Anayeoa ni kitindamimba wetu, harusi ni tarehe 13 Septemba, na kila tuliyemwalika aliahidi kufika. Jumamosi jua likielekea kuzama turubai lilikuwa limeshasimama, viti vya kukodi vimepangwa, na wifi zangu walikuwa wakifunga sambusa jikoni. Wakatoka kidogo kwenda kuchukua mkaa, na hapo ndipo mnara wa tangi la maji ulipoanguka.

Mchwa walikuwa wamezila nguzo za mbao kwa ndani huku kwa nje zikionekana nzima. Tangi la lita 1000 likijaa hubeba tani nzima ya maji, na tani ile ilitua juu ya bati la jiko, ikapasua dari, ikamwagika hadi sebuleni. Kaka alikimbilia swichi kuu akazima umeme, maana maji yalikuwa yakichuruzika ukutani na kupita kwenye soketi. Fundi umeme alipofika alitukataza kuuwasha mpaka nyaya zikauke na yeye azipime. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo Mama alikaa kwenye kiti cha kukodi akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kamati: "Mwanangu, watu tunawaambiaje?"

Tulijaribu kwanza kukiokoa kikao. Jirani wa kulia alikuwa na matanga, na huwezi kuchangisha harusi ukuta mmoja na watu wanaolia. Baa ya mtaa wa pili ina uwanja mzuri, ila Mama alikataa kuwakalisha wazee baa. Ilipofika saa moja usiku tulikubaliana kuwa kesho hakuna kikao.

Wakati tunasema hivyo, shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa ameshatuma ujumbe kwenye kundi la wasapu kwa nia njema kabisa: "Kikao cha kesho hakipo. Poleni kwa usumbufu." Hapo ndipo nilipoiona hatari ya jambo hili. Ujumbe ule haukutaja sababu wala tarehe mpya, wala haukusema kama harusi bado ipo. Muda mfupi baadaye shangazi alinipigia kutoka Mbagala akiuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli wachumba wameachana. Mwingine aliandika kwenye kundi: "Na waliokwishatuma hela?" Mtu anayechangia harusi ana mambo mawili moyoni, heshima ya familia na fedha yake. Ukinyamaza juu ya lolote kati ya hayo, atalijaza mwenyewe, na atakalolijaza halitakuwa zuri.

Nilimwomba shemeji aufute ujumbe, nikampigia mwenyekiti. Mwenyekiti wetu si ndugu wa damu, ni rafiki wa marehemu Baba, na mialiko yote ilitoka kwa jina lake. Kuahirisha nako kulipaswa kutoka kwake. Aliponisikiliza hakuuliza habari ya tangi zaidi ya kujua kama kuna majeruhi. Aliuliza tarehe. Akaniambia nisitume neno lolote kwa wachangiaji kabla tarehe mpya haijakaa sawa, kwa sababu ukisema "tutawajulisha" watu hupanga mambo mengine, na ukibadilisha tarehe mara ya pili nusu yao hawarudi.

Kuipata tarehe hiyo kulichukua simu kadhaa. Jumapili ya karibu ilikuwa tarehe 22, na kaka aliitaka. Mhazini alipinga: katikati ya mwezi mifuko ya wafanyakazi huwa imekauka, watu watakuja na ahadi tu, na ahadi ya tarehe 22 si sawa na noti ya tarehe 29, mishahara ikiwa imeshatoka. Lakini tarehe 29 nayo ilikuwa na mwiba wake. Awamu ya pili ya malipo ya ukumbi ilitakiwa ifike Jumatatu tarehe 30, na sisi tulikuwa tunaitegemea michango ya kikao hiki kuilipa. Mhazini alimpigia mwenye ukumbi usiku uleule, akamweleza ukweli, akaomba siku chache. Yule mama alikubali kusubiri hadi Jumamosi tarehe 5 Julai, na tulimwomba atuandikie hivyo kwenye simu. Baada ya jibu lake kufika ndipo tuliposema tarehe 29.

Zikaanza simu za mdomo. Wa kwanza walikuwa wakwe. Baba mdogo alimpigia baba wa bibi harusi, mzee kwa mzee, kwa sababu upande ule una kamati yao ya sendofu na tarehe yao imefungamana na yetu. Wangezisikia habari hizi kwa mtu wa pembeni, tungekuwa tumewavunjia heshima. Baba mdogo alisema mambo matatu tu: tangi limeanguka, watu wote wazima, harusi haijasogea hata siku moja. Mkwe alitoa pole, akauliza kama Mama ana pa kulala.

Wa pili alikuwa mjomba wa Morogoro, ambaye alikuwa aondoke alfajiri. Anayesafiri lazima umpate kabla hajatoka kwake. Ukimkuta ameshafika Kibaha, pole yako haina tena thamani. Mjomba alikuwa amelala, tukampata kwa simu ya mkewe. Baada yake walifuata wazee wenye viswaswadu, ambao wasapu kwao ni hadithi. Mama mwenyewe aliwapigia, mmoja baada ya mwingine, na kwa waliozima simu nilituma ujumbe mfupi usiozidi herufi 160 ili usikatike vipande njiani: "Shikamoo. Kikao cha kesho kimeahirishwa hadi Jumapili tar 29 Juni saa 10 jioni, kwa Mama Tabata. Harusi ipo palepale. Tunaomba radhi. Nitakupigia."

Ndipo tukaja kwenye ujumbe wa kundi, na hapo tulibishana. Mhazini alitaka niongeze mstari wa kuwakumbusha watu kumalizia ahadi zao. Nilikataa, na bado naamini nilikuwa sahihi. Huwezi kumwomba mtu radhi na kumdai kwa pumzi moja. Atakachokikumbuka ni deni. Kaka alitaka tuweke picha ya jiko lililobomoka ili watu waamini. Hilo pia nililipinga. Picha ya nyumba iliyobomoka huomba hata kama hukuandika ombi, na mtu aliyejipima kwa mchango wa harusi angejiona anadaiwa na bati pia. Sentensi moja ya kweli ilitosha. Hatimaye, kwa idhini ya mwenyekiti, niliandika:

"Ndugu wapendwa, salaam. Kikao cha michango ya harusi kilichokuwa kifanyike kesho, Jumapili tarehe 15, kimeahirishwa hadi Jumapili tarehe 29 Juni, saa kumi jioni, nyumbani kwa Mama, Tabata. Jioni hii tangi la maji limeanguka na kuharibu jiko na umeme wa nyumba. Hakuna aliyeumia. Harusi ipo palepale, tarehe 13 Septemba. Michango iliyokwisha kutumwa ipo salama kwa mhazini, na namba yake ni ileile. Tunajua wengi mlikuwa mmeshajipanga kwa ajili ya kesho, na tunaomba radhi kwa kuwapa taarifa ghafla namna hii. Tafadhali nijibu ukishaisoma. Katibu, kwa niaba ya Mwenyekiti."

Kuhusu namba ya mhazini, tuliisema kuwa haijabadilika bila kuiandika. Hapa kwetu hakuna asiyewahi kupata ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Taarifa ya ghafla yenye mabadiliko na namba ya kutumia fedha ndani yake humtia mtu wasiwasi, na haki yake. Zaidi ya hayo, ujumbe wa kundi husambazwa, na anayeusambaza akibadilisha tarakimu mbili, fedha ya watu imepotea.

Majibu yalianza kuingia. Nilikuwa na daftari la wachangiaji, na mbele ya kila jina niliweka alama pale tu mhusika aliponijibu kwa neno lake mwenyewe. Tiki za bluu sikuzihesabu, kwa kuwa simu ya mtu inaweza kufunguliwa na mtoto anayetafuta katuni. Kabla sijalala niliyaandika upya majina yasiyo na alama, na Jumapili asubuhi, kabla watu hawajaingia kanisani, tuligawana majina hayo na dada tukapiga simu. Wawili walikuwa wamebadilisha laini. Mmoja tulimpata kupitia jirani yake.

Muuguzi mmoja, binti wa rafiki wa Mama, aliniambia kwa unyonge kwamba alishabadilishana zamu ili aje tarehe 15, na tarehe 29 atakuwa kazini usiku na mchana amelala. Nilimwambia asihangaike kubadilisha tena. Kuja kwake tumekuhesabu, na mchango autume siku atakayoweza. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeumizwa na kuahirisha kuliko wote, na ukimlazimisha aombe ruhusa mara ya pili unamfanya ajute kukupenda.

Jioni ya tarehe 15 tuliacha viti vichache chini ya turubai na kumweka mpwa wangu getini tangu saa tisa. Tulijua atafika mtu, na alifika: bibi mmoja wa Gongo la Mboto, ambaye simu yake ilikuwa imeisha chaji tangu Jumamosi. Mpwa alimpokea mkoba, akamkalisha kabla ya kumweleza lolote. Mama alitoka akamwamkia, akampa chai na zile sambusa zilizosalimika, wakaongea kama vile amekuja kuhani. Alipoondoka kaka alimsindikiza hadi kituoni na kumlipia nauli, na tarehe mpya niliiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa akaikunja kwenye kanga.

Watu wengine walianza kuuliza wachangie kiasi gani kwa ajili ya jiko. Mhazini aliandika kwenye kundi kwamba familia italitengeneza yenyewe na kwamba hakuna shilingi ya harusi itakayonunua bati. Baada ya hapo tulinyamaza hadi Alhamisi tarehe 26, ndipo tukatuma ukumbusho wa kikao, na katika huo ndimo mhazini alipoweka mstari wake kuhusu ahadi. Jumapili asubuhi nilituma mwingine mfupi zaidi: leo, saa kumi jioni, kwa Mama.

Tarehe 29 mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru waliosumbuka, akaanza na mjomba wa Morogoro, akamalizia na bibi wa Gongo la Mboto aliyekaa mstari wa mbele na karatasi yake mkononi. Mhazini akasoma majina, akaanza na wale waliotuma kabla ya tarehe 15, ili wasikie kwa masikio yao kwamba fedha zao zilifika na zipo. Ukumbi ulilipwa Alhamisi tarehe 3 Julai, siku mbili kabla ya muda tuliopewa, na risiti yake nimeibandika kwenye daftari, ukurasa unaoanza na kikao kijacho, Jumapili tarehe 13 Julai.