Kompyuta Sasa Zinasoma Picha, Msitupe Miwani

Kompyuta za maktaba sasa zinasoma maandishi yaliyo kwenye picha. Waliokuwa wakinigongea meza niwasomee barua za mabaraza ya ardhi watapumua, nami pia.

Kurasa zilizopigwa chapa zinazisoma vizuri, mradi mziskani kwa dpi 300, zikiwa zimelala sawa. Picha ya simu iliyopigwa kwa pembeni, kivuli cha kichwa chako kikiwa juu yake, ni habari nyingine.

Mwandiko wa mkono ndio utakaotugombanisha. Karani akishindwa kusoma, hukunja uso na kuuliza. Mashine haina uso wa kukunja: palipofifia hupajaza neno linaloelekea kufaa, tena kwa Kiswahili safi kuliko cha mwandishi. Mzee mmoja alileta hati ya mauziano ya kiwanja. Tarakimu zikatoka 800,000, na muuzaji, ambaye bado anadai, akachangamka ghafla. Kwenye mstari wa chini palikuwa pameandikwa kwa maneno, “laki tatu tu”. Tatu ya zamani, iliyofunga tumbo kwa wino uliovuja, ilisomwa nane. Kwa hiyo linganisheni tarakimu na maneno, na majina myahakiki herufi kwa herufi kwenye karatasi yenyewe.

Jambo la mwisho: ukimaliza, futa picha kwenye Downloads, kisha umwage na kapu la taka. Wiki hii nimeona vitambulisho vya nusu ya mtaa, na wengine, jamani, hampendezi pichani.

Mkutubi wenu