Mtoto Wetu Amefika

Afisa mpya wa mikopo aliteremka kwenye pikipiki pale Mutomo, akavua helmeti, akajitambulisha: "Kina mama, mimi ni mtoto wenu. Sikuja kudai, nimekuja tukue pamoja." Tukampigia makofi. Mtoto akaendelea: ukikopa shilingi 10,000 unarudisha 500 kila Jumanne, wiki 24, na mmoja akikwama wenzake wa kikundi wanamlipia. Wiki ya kwanza ni Jumanne ijayo.

Mama mmoja akainua mkono. "Sasa ni Novemba, ndengu zangu ndiyo kwanza zinachipuka. Nitavuna mwisho wa Januari. Hizo Jumanne kumi za katikati nitalipa na nini?"

"Swali zuri sana, mwaitu," akajibu, akifungua daftari. "Una mbuzi wangapi?"