Barua ya Wazi kwa Msimamizi Aliyebandika Ratiba Mpya ya Zamu

KUH: MEMO YA SAA MPYA ZA KAZI, KITALE NA BUNGOMA

Bwana Msimamizi,

Nakuandikia kutoka ghala la Bungoma. Natumai umelala ukashiba usingizi.

Tumeipokea memo yako. Niseme vizuri: tumeikuta ubaoni Ijumaa jioni, gundi haijakauka, nawe umeshaondoka, ikituarifu kwamba saa mpya zinaanza Jumatatu asubuhi. Memo ya kabla yake nayo ilibandikwa Ijumaa jioni, na ile iliyoitangulia vilevile. Tumeanza kuiogopa Ijumaa kama watoto wanavyoogopa siku ya chanjo. Kwa faida ya wasiopita karibu na ubao wetu, nalinakili jedwali lako bila kuongeza nukta:

| Timu | Kituo | Kuanza | Kumaliza |
|---|---|---|---|
| A, kusaga | Kitale | 6:00 | 2:00 |
| B, kusaga | Kitale | 2:00 | 10:00 |
| C, kusaga | Kitale | 10:00 | 6:00 |
| D, kupakia | Bungoma | 5:00 | 5:00 |
| Ofisi | Kitale | 9:00 | 4:00 |

Chini yake, kwa herufi ndogo: timu za kusaga zitabadilishana kila baada ya siku 3, na kila mtu afike dakika 30 mapema "kwa ajili ya kupokezana".

Naomba nianze na timu yangu. Tano hadi tano. Tulisimama mbele ya ubao tukijiuliza kama zamu yetu imekwisha kabla haijaanza, na baadhi yetu walishaanza kushukuru. Karani alitutoa gizani: ni saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na moja jioni. Saa 12, Bwana. Ukitoa saa moja ya chakula zinabaki 11, na kwa siku 6 za wiki zinakuwa 66. Agizo la Jumla la Mishahara la nchi hii linasema wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 52. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni kila mpakiaji atakuwa amekukopesha saa 14, ambazo kwa agizo hilohilo hulipwa mara moja na nusu, yaani ujira wa saa 21. Tena, hata ukilipa, kuna ukomo: saa za kawaida na za ziada, zikijumlishwa kwa wiki 2 zinazofuatana, zisipite 116 kwa sisi tusiofanya kazi ya usiku. Zetu zitafika 132. Jedwali lako lina safu nne, lakini ya malipo haimo. Bila shaka karatasi ilikwisha.

Sasa nije kwenye ombi langu kubwa, ambalo nimelifikiria kwa upole. Ili nifike saa kumi na moja kasoro nusu, sharti nitoke nyumbani saa kumi kasorobo. Bungoma saa hiyo ni giza tupu. Jua la huku huchomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima, kwa uzembe ambao naamini haukubaliki katika kampuni yetu. Naomba basi uliandikie Jua memo. Liingizwe kwenye jedwali kama Timu E, kituo chake nyuma ya milima ya Cherangani, kuanza saa 3:30, kumaliza kazi ikiisha. Lisiulizwe maoni, sisi hatukuulizwa. Memo ibandikwe Ijumaa jioni upande wa magharibi, mahali linapozama, ili lisiseme halikuiona. Lifike dakika 30 mapema kupokezana na Mwezi, na dakika hizo zisilipwe. Likichelewa kwa sababu ya mawingu, likatwe siku nzima, kwa kuwa mvua ni jambo la binafsi. Likiuliza mbona linaangaza zaidi kwa ujira uleule, lijibiwe kama tulivyojibiwa sisi, kwamba wapo wengi huko nje wanaoitafuta kazi hiyo.

Lisipokubali, itabidi ukubali wewe kwamba unawaamuru wanawake wapite peke yao kwenye barabara zisizo na taa saa kumi za usiku, au wamlipe mwendesha bodaboda nauli ya usiku kutoka katika ujira wa mchana, ili magari yapakiwe mapema na ofisi ikute kila kitu tayari inapoamka saa tatu. Hilo silisemi kwa mzaha. Akipatwa na jambo mmoja wetu njiani, utabandika memo ya rambirambi Ijumaa jioni.

Samahani. Nimepandisha sauti, na memo yako ilitukumbusha kuwa na nidhamu.

Niwasemee pia wenzangu wa Kitale. Kwa mpango wako B itakuwa A katikati ya wiki. Msagaji wa Timu B atamaliza saa nne usiku Jumatano na kuanza na Timu A saa kumi na mbili asubuhi Alhamisi. Katikati pana saa 8, na ukitoa zile dakika 30 za kufika mapema zinabaki saa 7 na nusu. Akiwa anaishi Kiminini, humo ndimo atafute gari la usiku, aoge, ale, alale, aamke na kurudi. Kisha atasimama mbele ya rola zinazozunguka, macho yakifumba. Dawa yake haina gharama: timu zibadilishane Jumapili, kinu kikiwa kimezimwa, ili kila mtu awe na siku nzima katikati.

Nako kupokezana si salamu. Anayeingia lazima aambiwe chekeche gani limetoboka, mahindi ya lori gani yamekuja na unyevu uliopita asilimia 13.5, na rola ipi inapata moto. Hiyo ni kazi. Nusu saa kwa siku 6 ni saa 3 kwa wiki, kwa kila mtu, bure.

Maombi madogo nayamaliza haraka. Andika asubuhi au jioni kando ya kila saa. Weka tarehe kwenye memo. Weka jina lako pia. "Uongozi" hatumjui na hatujawahi kumwona ghalani. Na siku moja, hata kwa kutembea tu, njoo Bungoma saa kumi na moja alfajiri ushike upande wa pili wa robota la unga, pakiti 12 za kilo mbili, mara mia tatu hivi kabla ya chai.

Mwisho, kwa heshima zote. Saa za kazi ni sehemu ya mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri anayezibadilisha ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba, na kumjulisha kwa maandishi. Wewe umefanya hilo la mwisho tu, tena kwa gundi. Kwa hiyo Jumatatu tutafika kwa saa za mkataba wetu wa zamani, tutasaini daftari, na kila mmoja ataandika saa zake kwenye daftari lake mwenyewe. Wenzangu, msisahau kalamu. Nawe Bwana, ukitaka saa nyingine, tuite kikao, ndani ya saa za kazi.

Wako mtiifu,
Mpakiaji, Timu D, Bungoma