Mali, Mila, Lami na Mbuzi Mmoja

Mtaani kwetu kuna chama cha kufa na kuzikana ambacho, mfuko ukipungua, huandaa usiku wa chemsha bongo. Kila meza ina watu wanne, kila meza hulipa kiingilio, na mshindi huondoka na mbuzi. Huyo mbuzi ndiye tatizo. Watu wanaoweza kushindwa kistaarabu wakigombea katoni ya soda hawapo tena wakishamwona mbuzi amefungwa kwenye mwarobaini, analia kama anayedai apewe mwenyewe haraka.

Wakati mmoja raundi ya mafumbo ya maneno ilitungwa na jirani mmoja mwenye moyo safi. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: herufi A, I, L na M, undeni neno. Jibu lake lilikuwa "mali". Meza ya madereva ikaandika "lami", meza ya wazee ikaandika "mila", vijana wa chuo cha ualimu "imla", na wale wenye mashamba, bila kufikiri mara mbili, "lima". Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa na neno moja tu, na msahihishaji ni mtu wa kufuata karatasi. Akatia mikasi minne. Mzee mmoja akasimama, akavua miwani, akauliza, "Wanangu, kwa hiyo mila zetu leo ni kosa?" Kuanzia hapo hakuna swali la pili lililosikika.

Raundi iliyofuata kamati ikanikabidhi mimi, kwa sababu eti naandika magazetini.

Kwanza nikakaa na hizo herufi zilizovurugwa. Dawa ya A, I, L, M ni kidokezo kifupi. Andika "iko barabarani" na majibu manne yanakufa palepale, inabaki lami. Bila kidokezo, Kiswahili kina mapacha wengi kupita kiasi. Vuruga SAMAKI utapata MASIKA. Vuruga SIMBA utapata MSIBA, na mbele ya chama cha kuzikana hilo si jambo la mzaha. Vuruga SAFARI utapata FARASI. Kabla neno halijaingia kwenye karatasi nalikalia mpaka nimtafute pacha wake, na nikimpata, namwandika kwenye mwongozo au nampiga kidokezo cha kumfukuza.

Ugumu nao una hesabu yake. Nilidhani SAFARI ni swali zito, maana herufi zake zinaweza kupangwa kwa njia 360. Nikamjaribia mpwa wangu wa darasa la saba. Akalimaliza kabla sijafika jikoni kuchukua kikombe changu. "Anko," akaniambia, "silabi zetu ni konsonanti halafu irabu. Mimi napanga hivyo tu." Nikakaa nikahesabu: ukifuata mpangilio huo, zile njia 360 zinabaki 18. Maneno laini ya namna hiyo ndiyo ya mwanzo wa karatasi. Ukitaka kuwatoa watu jasho, wape MBWEHA au MCHWA, ambamo konsonanti zimebanana na ile kanuni ya mpwa haimsaidii mtu.

Jaribio lenyewe nililifanya kwa watu wawili, mpwa na fundi cherehani wa pale kona, ambaye hupenda mafumbo ila hana haraka. Swali walilolipata wote wawili upesi likaenda juu. Alilolipata mmoja likakaa katikati. Yaliyowashinda wote nikabakiza moja tu, la mwisho, ili meza mbili zilizofungana ziwe na pa kutengania. Mtunzi hawezi kupima ugumu wa swali lake mwenyewe: jibu analijua, kwa hiyo kwake kila kitu ni rahisi.

Aina ya pili ilikuwa wanyama waliojificha ndani ya sentensi. Hii naipenda kuliko zote, kwa sababu mtu anaisoma mara tatu haoni kitu, halafu ghafla anapiga meza. "Twende kwa miguu kama si mbali." Simba yumo. "Aliweka kapu ndani." Punda. "Vaa nguo safi siku ya Idi." Fisi, na kwa siku kama hiyo! Nikajiamini, nikaongeza "Juma alimpa pakacha shangazi", nikiwa namkusudia papa, mwisho wa neno moja na mwanzo wa jingine. Fundi cherehani akaangalia, akaandika "paka". Nikamwambia ni papa. Akaweka kidole juu ya neno pakacha, akakikokota taratibu: pa, ka. "Huyu je, si mnyama?" Hakuwa na kosa hata chembe. Nikaongeza sharti juu ya sehemu hiyo, kwa herufi kubwa: mnyama lazima akanyage maneno mawili. Paka akatoka, papa akabaki.

Aina ya tatu, maneno yaliyonyang'anywa irabu, ililetwa na katibu wetu. Akapendekeza KTB, akijichekea. Kitabu, katiba, katibu, kutubu. Nikamwomba atubu, nikaitupa aina yote. Kwa Kiingereza labda inafaa, lakini kwetu ukitoa irabu umetoa nusu ya neno.

Zikabaki herufi zilizovurugwa tano, wanyama watano, maswali kumi kwa dakika kumi na mbili. Kuhusu kuyatoa maswali nina msimamo mmoja usiojadiliwa: mafumbo ya maneno hayasomwi kwa kipaza sauti. Mwaka mmoja mshereheshaji alisoma herufi moja moja, spika inakwaruza, nusu ya ukumbi ikaandika M na nusu ikaandika N. Karatasi ichapwe, igawiwe ikiwa imelala kifudifudi, na isigeuzwe mpaka meza ya mwisho ipate yake. Vinginevyo meza iliyo karibu na mlango wa jikoni inapoteza dakika mbili ikisubiri, na tayari ina kisa cha rufaa.

Saa tulitumia simu ya katibu. Dakika ya saba mkewe akapiga, kipima muda kikajificha, katibu akatoka nje kueleza kwa nini hajarudi. Aliporudi kila meza ilikuwa na idadi yake ya dakika zilizoibwa. Tukaongeza dakika moja kwa wote, na tangu hapo tunatumia saa ya ukutani.

Mwongozo wangu ulikuwa na safu tatu: jibu kuu, majibu mengine yanayokubalika, na yale yanayokataliwa pamoja na sababu yake kwa maneno machache. Hiyo ya tatu ndiyo iliyotuokoa. Meza ya madereva ilipokuja juu kudai paka wake, msahihishaji hakubishana. Akawasomea sharti, akawasomea sababu, wakarudi kukaa. Chini kabisa niliandika kwamba kosa dogo la tahajia halipunguzi alama katika swali la wanyama, ila katika herufi zilizovurugwa linapunguza, maana pale herufi ndiyo swali lenyewe.

Meza ya wazee ilichukua mbuzi kwa alama tisa. Lile la mwisho halikupatwa na meza yoyote, kwa hiyo mwakani litashuka daraja. Nawe ukikabidhiwa raundi kama hii, tafadhali, anza kwa kuandika ile safu ya majibu yaliyokataliwa, na umpe fundi cherehani wako aisome kabla hujapeleka karatasi fotokopi.